Barua kwa mwanangu: ombi lako kwa meneja

Tukuyu, Mbeya

Mwanangu mpendwa,

Nimeisoma rasimu ya barua unayotaka kumpelekea meneja wako hapo Mafinga. Unayoyalalamikia ni ya kweli, lakini barua nzima inaeleza uchovu, na meneja akimaliza kuisoma atakupa pole na kukuacha ulivyo, kwa sababu hakuna mahali ulipomwomba jambo analoweza kuliidhinisha. Nilipokuwa masjala barua za namna hiyo zilikuwa nyingi, na nyingi ziliishia kwenye faili.

Anza na kichwa cha habari: "Yah: Ombi la Kupangiwa Upya Majukumu na Tarehe za Kukabidhi Kazi." Kisha eleza kwa ufupi kilichobadilika, kwamba tangu mhasibu mwenzako aanze likizo ya uzazi, ambayo kisheria ni siku 84, kazi zake zote unazifanya wewe pamoja na zako. Usimlaumu, likizo ni haki yake, na wa kupanga mtu wa kumshikia nafasi ilikuwa ofisi (hilo la mwisho usiliandike).

Baada ya hapo tenganisha tarehe zilizowekwa na sheria na zile mlizojiwekea wenyewe. Kodi ya mishahara inatakiwa TRA ifikapo tarehe 7 ya mwezi unaofuata, na ritani ya VAT tarehe 20; hizo meneja hawezi kuzisogeza, na ukimwomba azisogeze atadhani hujui kazi. Lakini taarifa ya mwezi anayoitaka tarehe 5, na kuhesabu mbao stoo, ni utaratibu wa ndani. Hapo ndipo pa kuomba. Mimi ningeandika hivi:

"Kwa heshima naomba taarifa ya mwezi niwe naikabidhi tarehe 12, baada ya kukamilisha kodi ya mishahara, na kazi ya kuhesabu mbao ifanywe na mtunza stoo nami nihakiki daftari lake, mpaka mwenzangu atakaporejea kazini."

Ombi lenye kikomo ni rahisi kukubaliwa, kwa kuwa halimfungi meneja moja kwa moja.

Kuhusu saa za kazi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, na za ziada ni kwa makubaliano. Usiitaje sheria katika barua ya kwanza, maana itasomeka kama kitisho. Taja tu saa unazotoka ofisini katika wiki ya kufunga hesabu, kama zilivyo kwenye daftari la mahudhurio. Atapiga hesabu mwenyewe.

Chapisha nakala mbili, na yako igongwe mhuri wa kupokelewa. Akikataa, mwulize kwa adabu ni kazi ipi itangulie pale taarifa na kodi zinapogongana, kisha jibu lake ulithibitishe kwa maandishi siku hiyo hiyo, ili taarifa ikichelewa ijulikane ilichelewa kwa maelekezo ya nani.

Nitumie rasimu mpya kabla hujaisaini.

Mama yako