PI ya 1.09 kwenye transfoma ya mafuta: je, lazima ikaushwe?

Mteja alitutumia ripoti ya vipimo akiomba bei ya kukausha transfoma. Ni transfoma ya mafuta, kVA 1000, volti 11,000 upande wa juu na 400 upande wa chini. Ripoti ilikuwa na mstari mmoja wa maana: upande wa juu dhidi ya upande wa chini na tangi, kwa volti 5,000, ukinzani wa insulesheni ni megaomu 640 baada ya dakika 1 na megaomu 695 baada ya dakika 10. PI, yaani namba ya dakika 10 ikigawanywa kwa ya dakika 1, ni 1.09. Hukumu iliyoandikwa chini yake: insulesheni imelowa, ikaushwe.

Huenda imelowa kweli. Lakini kwa namba hizo peke yake hakuna anayeweza kusema hivyo, na kukausha transfoma ni kazi ya siku kadhaa inayoisimamisha shughuli nzima inayotegemea umeme wake. Ndiyo maana tunataka wateja wetu waelewe namba hizi zinatoka wapi kabla hawajasaini chochote.

Mega, kifaa cha kupima ukinzani wa insulesheni, inapopeleka volti ya mkondo mnyoofu kwenye waindingi, yaani nyaya zilizozungushwa ndani ya transfoma, mkondo unaopita una sehemu tatu. Ya kwanza ni ya kuijaza waindingi chaji, nayo huisha ndani ya sekunde chache. Ya pili hunyonywa na karatasi na mbao za insulesheni kadiri molekuli zake zinavyojipanga kufuata volti. Hiyo hupungua polepole kwa dakika nyingi. Ya tatu ni mkondo wa kuvuja, ambao haupungui: unapita ndani ya mafuta na karatasi, na pia juu ya uso wa bushingi, zile kauri zinazopitisha nyaya kutoka ndani ya tangi, kama kuna vumbi au unyevu. PI si kitu kingine ila ukinzani wa dakika ya 10 ukigawanywa kwa ule wa dakika ya 1. Sehemu ya pili ikiwa kubwa kuliko ya tatu, PI hupanda. Mkondo wa kuvuja ukitawala, namba mbili hukaribiana na PI hushuka kuelekea 1.

Hapo ndipo kosa kubwa linapoanzia. Kipimo cha PI kilikomaa kwenye mota na jenereta, na kile kiwango cha 2.0 ambacho mafundi wengi wamekikariri kinatoka kwenye IEEE 43, mwongozo wa mashine zinazozunguka. Insulesheni ya mota ni ngumu tupu. Ya transfoma ya mafuta ni karatasi iliyozamishwa kwenye kimiminika, na mafuta hata yakiwa safi yana mkondo wake wa kuvuja usiosubiri dakika 10. Kwa hiyo transfoma nzima kabisa inaweza kutoa PI ya 1.2 au 1.4 na isiwe na tatizo lolote. Fomu nyingi za ukaguzi hubeba jedwali linalosema chini ya 1 ni hatari, 1 hadi 1.1 ni mbaya, 1.1 hadi 1.25 ni mashaka, 1.25 hadi 2 ni wastani, na zaidi ya 2 ni nzuri. Sisi hulitumia jedwali hilo kama sababu ya kuuliza maswali, kamwe si kama hukumu. Mwongozo wa NETA, chama cha wapimaji wa vifaa vya umeme, kwa transfoma unataka tu PI isiwe chini ya 1.0, na unatilia uzito zaidi ukinzani wenyewe: kwa waindingi ya zaidi ya volti 5,000 iliyo ndani ya mafuta, angalau megaomu 5,000 kwa joto la nyuzi 20.

Maneno hayo ya mwisho, nyuzi 20, ndiyo yaliyokosekana kwenye ripoti ya mteja wetu. Ukinzani wa insulesheni hupungua takriban nusu kila joto linapopanda nyuzi 10 za Selsiasi. Tulipomuuliza, alisema transfoma ilizimwa na kupimwa mchana huohuo, na geji ya mafuta ilikuwa kwenye nyuzi 50. Kutoka 50 kurudi 20 ni hatua tatu za nyuzi 10, kwa hiyo megaomu 640 inazidishwa kwa 2 mara tatu, yaani kwa 8. Jibu ni megaomu 5,120. Namba iliyoonekana ya kutisha imevuka kiwango, ingawa kwa unywele.

Tungeweza kuishia hapo na kuandika "imefaulu". Lakini mteja alikuwa ametunza karatasi za siku transfoma ilipowashwa mara ya kwanza, na hazina ya namna hiyo haina bei. Wakati ule ilisoma megaomu 9,000 mafuta yakiwa nyuzi 30, sawa na 18,000 kwa nyuzi 20. Kushuka kutoka 18,000 hadi 5,120 si jambo la kupuuza. Kwa maoni yetu, mwelekeo wa transfoma yenyewe una uzito kuliko kiwango chochote cha kwenye kitabu: transfoma iliyo juu ya kiwango lakini imepoteza zaidi ya theluthi mbili ya ukinzani wake inahitaji maelezo.

Tulikwenda kupima upya mafuta yakiwa yamepoa hadi nyuzi 30. Transfoma ilizimwa, ikathibitishwa haina umeme, ikaunganishwa na ethi. Kisha tukafungua kila kilichoungwa kwenye bushingi: kebo za pande zote mbili, vifaa vya kuzuia radi, na kiungo cha nyutro kwenda ethi. Kebo ikiachwa, unapima kebo. Nyutro ikiachwa kwenye ethi, upande wa chini hauwezi kupimwa dhidi ya tangi hata kidogo. Bushingi tatu za juu ziliunganishwa pamoja kwa waya mtupu, na zile nne za chini pia, ili waindingi nzima iwe kwenye volti moja.

Kipimo cha kwanza tulikifanya makusudi bila kusafisha kitu. Megaomu 840 kwa dakika 1, megaomu 860 kwa dakika 10, PI 1.02. Hapo picha ilianza kujionyesha. Kama tatizo lingekuwa ndani ya mafuta na karatasi, kupoa kwa nyuzi 20 kulipaswa kuupandisha ukinzani mara nne, kutoka 640 hadi karibu 2,560. Haukupanda hivyo. Kitu kilichokuwa kikipitisha mkondo hakikufuata joto la mafuta, maana yake kilikuwa nje ya mafuta.

Tukaondoa chaji, tukafuta bushingi zote kwa kitambaa kisichoacha nyuzi na spiriti, tukaziacha zikauke. Kauri zilikuwa na tabaka la vumbi lililoshikana na mafuta. Halafu tukazungusha waya mtupu wa shaba katikati ya kila kauri ya upande wa juu, tukaziunganisha waya hizo zote na tundu la gadi la mega. Kazi ya gadi ni kuukusanya mkondo unaotambaa juu ya uso wa kauri na kuupitisha kando ya mita, ili kinachosomwa kiwe kile kilichopita ndani tu. Safari hii dakika 1 ilitoa megaomu 8,200 na dakika 10 megaomu 11,000, PI 1.34. Kwa nyuzi 20 hiyo dakika ya kwanza ni megaomu 16,400. Ukilinganisha na 18,000 ya siku ya kwanza, na ukikumbuka kwamba kanuni ya nyuzi 10 ni ya kukadiria, hakuna cha kukausha. Tulichukua pia sampuli ya mafuta ipimwe maji na volti ya kupasuka, kwa sababu mega haitoi kiasi cha maji, na majibu yakaja safi.

Tazama PI ilivyofanya katika kisa hiki. Uchafu wa nje ulikuwa mkondo wa kuvuja usiobadilika, ukaivuta PI kuelekea 1 hata karatasi ya ndani ilipokuwa nzima. Anayeisoma PI peke yake anaona unyevu. Anayeiweka karibu na joto, kumbukumbu na gadi anaona vumbi.

Ingekuwa imelowa kweli, mambo yangekwenda vingine. Baada ya kusafisha na kuweka gadi, namba zingebaki chini. Kipimo cha upande wa juu dhidi ya upande wa chini, tangi likiwa kwenye gadi, nacho kingekuwa chini, kwa kuwa kipimo hicho huuacha nje mkondo wa kwenye kauri unaokwenda tangini na kuitazama insulesheni iliyo kati ya waindingi mbili. Maji kwenye mafuta yangekuwa juu, na tan delta, kipimo cha nishati inayopotea ndani ya insulesheni, ingepanda. Mambo hayo yakikubaliana, sisi wenyewe tutakwambia ukaushe, na usiwashe kabla.

Kuna hali mbili nyingine ambapo PI ndogo haina maana inayodhaniwa. Moja ni transfoma kavu, mpya, iliyo safi. Ukinzani ukifika megaomu 100,000 kwa volti 5,000, mkondo unaopimwa ni nanoampia 50 tu. Upepo kidogo au waya wa kipimo kugusa kitu huuyumbisha, na uwiano wa namba mbili zinazoyumba hauna thamani. Mega ikionyesha alama ya kuvuka upeo wake, PI isiandikwe kabisa. Nyingine ni kurudia kipimo bila kuondoa chaji. Karatasi iliyokwisha kunyonya chaji hainyonyi tena kwa kiwango kile, hivyo dakika ya 1 husoma juu kuliko kweli na PI hushuka. Baada ya kipimo cha dakika 10 tunaiacha waindingi kwenye ethi si chini ya dakika 40. Ni kwa ajili ya usahihi, na zaidi kwa ajili ya uhai, kwani chaji iliyojificha kwenye karatasi hurudi kwenye bushingi ukiondoa ethi mapema. Na transfoma ikiwa kwenye vakyumu isipigwe mega kabisa: hewa nyembamba hupasuka kwa volti ndogo na cheche inaweza kuunguza waindingi.

Tujulishe pia kama transfoma ilizimika yenyewe. Vipimo hivi havioni hitilafu kati ya mzunguko na mzunguko wa waindingi ileile, kwa sababu mizunguko yote iko kwenye volti moja wakati wa kupima. Transfoma iliyoungua ndani inaweza kutoa megaomu nzuri sana, na kwa hiyo tutakuja pia na kifaa cha kupima uwiano wa mizunguko na cha kupima ukinzani wa waya wenyewe.

Ukitutumia ripoti tuitazame, iwe na joto la mafuta kutoka kwenye geji, volti iliyotumika, namba za dakika 1 na 10 kwa kila muunganiko, na maelezo kama gadi ilitumika. Ukiwa na karatasi za kiwandani au za siku ya kuwashwa, zipige picha uziambatishe, hata kama zimechakaa.