Kwa wanangu wa uuguzi: mama wa kitanda cha 6 na presha yake "nzuri"

Wanangu,

Nimesahihisha zoezi la jana, na karibu nyote mmeandika jibu moja: presha ni nzuri, mama ana maumivu ya kidonda, apewe dawa ya maumivu. Sikasiriki, maana umri wenu nami ningejibu hivyo. Ila huyo mama mmemwacha akivuja damu.

Rudini kwenye karatasi. Katoka thieta saa 8 mchana, kajifungua kwa upasuaji. Saa 9 mapigo ya moyo 84, presha 118/72, pumzi 16. Saa 10 mapigo 98, presha 114/76, pumzi 20. Saa 10 na nusu mapigo 116, presha 112/84, pumzi 26. Pembeni niliandika kwa penseli: anageukageuka, anaomba maji, mikono ya baridi, pedi kavu.

Mlisoma kila mstari peke yake. Someni kutoka juu kwenda chini. Presha ya juu imeshuka kidogo tu, lakini ya chini inapanda, na pengo kati yake limetoka 46 hadi 28. Mwili ukipungukiwa damu hubana mishipa ya mikono na miguu ili moyo na ubongo vipate. Ndiyo maana mikono ni baridi, na ndiyo maana presha inawadanganya. Kijana mwenye afya hujikaza hivyo mpaka amepoteza damu nyingi, kisha presha huporomoka ghafla. Hapa mapigo yameshaipita presha ya juu. Hakuna cha kusubiri.

Pedi kavu iliwatuliza wengi. Wekeni mkono tumboni: mfuko wa uzazi ni mgumu, lakini tumbo lenyewe linajaa. Katheta imetoa mililita 15 kwa saa nzima, tunapotarajia angalau 30. Mfuko ungekuwa laini, tungeusugua na kuongeza oksitosini. Huu ni mgumu, basi damu inamwagikia tumboni, na mahali pake ni thieta.

Kwa hiyo paza sauti upate mwenzako, yeye aweke oksijeni na kanula mbili za kijivu, achukue damu ya kupima kundi na kuoanisha. Wewe piga simu, na usiseme "mgonjwa hayuko vizuri." Sema: "Daktari, kitanda cha 6, saa mbili na nusu baada ya upasuaji, mapigo yametoka 84 hadi 116, tumbo linajaa, nahisi anavuja ndani. Naomba uje sasa hivi, na thieta waambiwe." Asipofika, mpigie aliye juu yake. Dripu iendeshwe kwa kiasi, maana maji mengi huifanya damu iwe nyepesi, isigande.

Na hizo pumzi! Wodini mtakuta chati nzima 20, 20, 20. Nami niliwahi kuandika 20 bila kuhesabu, kwa mama aliyekuwa akihema kama huyu, na zamu iliyofuata ikaniamini. Alhamisi kila mmoja aje na saa yenye mshale wa sekunde. Tutahesabu dakika nzima.

Mama yenu wa wodini