Juisi ya rozela "kali": ni uchachu, ukakasi au uchungu?

Simu nyingi tunazopokea baada ya kuuza rozela huanza na sentensi moja: "Juisi yangu imekuwa kali." Sisi hujibu kwa swali: kali ya namna gani? Mteja hudhani tunamzungusha, lakini jibu la swali hilo ndilo linalotuonyesha alipokosea. Neno "kali" limebeba ladha tatu tofauti, kila moja ina chanzo chake, na dawa ya moja haitibu nyingine.

Uchachu unaujua kwenye ndimu na ukwaju: mate yanajaa mdomoni na taya zinakaza. Ukakasi unaujua kwenye bibo la korosho au ndizi mbichi: ulimi unakauka, unakuwa mzito, fizi zinashikana na midomo. Uchungu ni ule wa shubiri na mwarobaini. Unaweza usiusikie unapoanza kunywa, kisha unameza, na wenyewe unabaki nyuma ya ulimi. Chukua funda moja la juisi yako, lizungushe mdomoni, meza, halafu subiri kidogo kabla ya kuamua. Kama kinachokusumbua kinakuja mwanzoni na kuondoka, ni uchachu. Kama kinaacha ulimi mkavu, ni ukakasi. Kama kinabaki kooni, ni uchungu. Na kama juisi ina povu, inatoa vipovu na inanuka pombe, hiyo ni habari nyingine: imechacha, imwage.

Tuanze na uchachu, kwa sababu huo si kosa. Choya, kama wengine wanavyoiita rozela, ndivyo ilivyo. Kile tunachokiuza kwa jina la ua si ua lenyewe, bali vile vifuniko vinene vyekundu vinavyokua kuzunguka tunda baada ya ua kudondoka, na vimejaa asidi, mojawapo ikiwa ileile ya ndimu. Asidi hiyo inatoka haraka sana ndani ya maji. Kwa hiyo ukiona juisi ni chachu kupita kiasi, usiulaumu muda kwanza. Angalia kipimo. Mtu anapenda rangi nzito, anajaza rozela kama anayepika mboga, na kila kiganja kinachoongezeka kinaleta asidi yake. Sisi tunatumia gramu 30 za rozela kavu kwa lita moja ya maji. Kama huna mizani, pakiti yetu ya gramu 100 igawe mafungu matatu kwa macho. Kila fungu linatosha lita moja. Rangi itatoka nzuri tu, nyekundu ya zabibu, na ukiiangalia dhidi ya mwanga utaona upande wa pili wa glasi.

Sukari haiondoi asidi, inaifunika tu. Mwenye vidonda vya tumbo au kiungulia asidhani kwamba juisi ikishakuwa tamu imekuwa salama kwake. Kinachopunguza asidi kwa kila glasi ni maji. Na tafadhali usiweke magadi wala hamira ya unga ili "kuvunja" uchachu. Rangi ya rozela inasimama kwa sababu ya asidi hiyo. Ukiivunja, juisi inageuka zambarau chafu au buluu na ladha yake inakuwa kama ya sabuni. Vilevile waonee huruma wanywaji kwenye ndimu. Watu wengi wanaikamulia rozela ndimu kwa mazoea ya juisi nyingine, kisha wanarudi kuongeza sukari kuifukuza ndimu waliyoweka wenyewe.

Ukakasi ndio unaotoka kwenye muda na moto, na hapa ndipo tunapogombana na wateja wetu kwa upendo. Ndani ya rozela kuna tanini, kama zilizomo kwenye majani ya chai. Asidi na rangi zinatangulia kutoka; tanini zinafuata polepole, na kadiri maji yanavyochemka ndivyo zinavyozidi kumwagika. Anayechemsha rozela nusu saa na zaidi hapati rangi zaidi. Anaipoteza, kwa sababu rangi hiyo haipendi moto mrefu: wekundu unaelekea kahawia na ile harufu ya tunda inapotea, inabaki harufu ya kitu kilichopikwa. Ni kama chai iliyosahauliwa jikoni.

Kwa hiyo rozela haipikwi, inaloweshwa. Isuuze haraka kwa maji baridi kutoa mchanga wa mikekani ilikoanikwa, bila kuiacha humo, maana ukiiacha rangi inaondoka na maji ya kusuuzia. Chemsha maji, epua sufuria, tia rozela, funika, ngoja dakika 15. Onja. Kama unataka mwili zaidi, ngoja tano nyingine, kisha chuja hapohapo. Dakika 20 ndiyo mwisho wetu kwa maji ya moto. Rozela iliyosagwa inatoa kila kitu upesi zaidi, hivyo dakika tano au sita zinaitosha. Ukishachuja, acha makapi yajichuje yenyewe kwa uzito wake. Tunajua mkono unawasha kuyakamua, lakini matone yale ya mwisho yana ukakasi mwingi na yanaifanya juisi kuwa na ukungu.

Mwenye nafasi kwenye friji ana njia iliyo bora kuliko ya moto. Sudan na Misri, ambako kinywaji hiki kinaitwa karkade, watu wengi huiloweka kwenye maji baridi. Kipimo ni kilekile. Iweke jioni, ichuje asubuhi, yaani ikae ndani ya friji kwa muda wa saa nane hadi saa kumi na mbili. Maji baridi yanavuta rangi na asidi lakini tanini yanaziacha nyuma sehemu kubwa. Juisi inakuwa nyepesi mdomoni na inanukia tunda. Tumia maji safi ya kunywa, kwa kuwa hakuna moto wa kuyasafisha.

Uchungu, kwa uzoefu wetu, mara nyingi hautoki kwenye rozela kabisa. Unatoka kwenye viungo, hasa karafuu. Karafuu tatu kwa lita zinatosha kunukisha. Ukitia kiganja, zinaganzisha ulimi na kuacha uchungu. Ubaya wake ni kwamba zinaendelea kufanya kazi hata juisi ikiwa baridi. Juisi uliyoionja jioni ikawa tamu, ukalaza karafuu ndani yake, asubuhi si ileile. Maganda ya ndimu na chungwa yanafanya hivyohivyo kwa ile sehemu yake nyeupe. Ndiyo maana sisi tunavipa viungo maji yao kwanza. Kwa lita moja: kipande cha tangawizi cha urefu wa dole gumba kilichopondwa, iliki nne zilizopasuliwa, kijiti kifupi cha mdalasini, karafuu tatu. Vichemke dakika 10 kwenye moto mdogo, ndipo sufuria iepuliwe na rozela iingie. Viungo vinahitaji moto, rozela inahitaji muda mfupi. Ukivipika pamoja, kimoja lazima kiumie. Vyote vinatoka kwa pamoja kwenye chujio. Ukipenda, maganda ya nanasi yaliyooshwa vizuri yachemke pamoja na viungo. Yanaleta utamu wa harufu unaokuruhusu kupunguza sukari.

Kwa sukari, anza na vijiko sita vya chakula kwa lita, itiwe juisi ikiwa bado na uvuguvugu ili iyeyuke. Ulimi hauusikii utamu vizuri kwenye kitu baridi, kwa hiyo uamuzi wa mwisho ufanye kwenye glasi iliyopoa, kwa joto utakaloinywea. Weka pembeni sukari uliyoyeyusha kwenye maji kidogo ili uongeze bila kusumbuka. Chumvi ya kubana kwa ncha za vidole viwili inalainisha ukali kuliko kijiko kizima cha sukari. Asali itie juisi ikiwa imepoa, ukijua kwamba itaingiza ladha yake.

Mwezi wa Ramadhani mteja wetu mmoja, mama anayeuza futari, alitupigia saa tisa alasiri. Alikuwa na lita 10 za juisi isiyonyweka. Alitia nusu kilo ya rozela, akachemsha dakika 45 pamoja na karafuu, akaiacha usiku kucha kwenye sufuria ya alumini. Asubuhi akaongeza sukari mpaka ikafika kilo mbili, na bado ilikuwa kali. Tulimwomba aonje na kueleza. Alisema inakausha ulimi, halafu kuna kitu kama sarafu mdomoni. Kukausha ulimi ulikuwa ni ukakasi wa dakika 45. Sarafu ilikuwa sufuria: asidi ya rozela inakula alumini ikikaa nayo, na rangi nayo inafifia. Kwa rozela tumia sufuria ya stili, ya enameli isiyobanduka, au hamishia kwenye chombo cha kioo.

Ile ladha ya chuma tulimwambia ukweli kwamba haitoki, wala madini yenyewe hayaondoki. Hiyo juisi asiwauzie watu. Alikuwa na rozela kidogo iliyobaki, akaanza upya. Lakini tukapiga naye hesabu, maana kosa hilohilo likitokea kwenye sufuria nzuri juisi inaokoleka. Nusu kilo kwa lita 10 ni gramu 50 kwa lita. Ukiongeza maji safi mpaka lita 16, unarudi karibu na gramu 30. Na zile kilo mbili za sukari, ambazo zilikuwa gramu 200 kwa kila lita, zinashuka hadi 125, bado tamu ya kutosha bila kuongeza hata kijiko. Ukakasi hautoki wote, ila unapungua hadi mtu anywe bila kukunja uso. Tangawizi mbichi iliyochemshwa pembeni na kuchujwa inasaidia kuuficha.

Siku iliyofuata alitumia gramu 300 kwa lita 10 na dakika 20. Makapi hakuyatupa: aliyaloweka tena kwenye lita tatu za maji ya moto akapata juisi nyepesi, ambayo aliichanganya na ya kwanza kufidia maji yaliyonywewa na rozela.

Unapofungua pakiti, yetu au ya mtu mwingine, itazame kabla ya kuitia kwenye maji. Rozela nzuri ina wekundu wa damu ya mzee na inanukia uchachu. Iliyogeuka kahawia imekaa sana au imeanikwa juani kupita kiasi, na hutapata rangi hata uiloweke mara mbili. Ukikuta vile vitunda vya kijani vyenye mbegu vimesahauliwa ndani, vitoe. Mzigo wetu unatoka Dodoma na tunauchambua kwa mkono, ila kimoja kimoja hutuponyoka. Ukivikuta vingi, lete pakiti tukubadilishie.