Maelekezo Kwanza, Karatasi Baadaye

Mpendwa rafiki yangu,

Salamu nyingi na pole kwa kazi. Barua yako nimeipata na nimeisoma kwa makini, hasa pale unapoeleza kile kipindi cha hisabati kilichoishia kwenye makelele kabla darasa halijalinganisha sehemu hata moja. Nashukuru sana kwamba uliniandikia maneno uliyowaambia wanafunzi kama ulivyoyatamka, kwa sababu bila hayo ningebaki kukupa pole tu, na pole haiwezi kukusaidia Jumatatu utakaporudi mbele ya watoto 90.

Unaniuliza ukemee vipi ili wakusikie. Kwa maoni yangu swali hilo linakuja baada ya jambo kuharibika. Mtafiti mmoja Mmarekani, Jacob Kounin, alichunguza madarasa mengi kwa kutumia picha za video na akachapisha matokeo yake mwaka 1970. Alitazamia kuona kwamba walimu wenye madarasa yenye utulivu wana namna bora zaidi ya kukemea, lakini hakuliona hilo. Tofauti aliikuta katika mambo wanayoyafanya kabla ya vurugu kuanza, mojawapo likiwa namna wanavyolivusha darasa kutoka kazi moja hadi nyingine bila kukwama. Ukiitazama barua yako kwa jicho hilo utaona kwamba wanafunzi wako walikuwa watulivu ulipokuwa ukifundisha ubaoni, na kwamba kelele zilianza pale ulipowaambia waanze kazi.

Uliwaambia hivi: “Sasa jigaweni katika makundi ya watu 6, mchukue karatasi hizi, moja mtaikunja mara 3 na nyingine mara 4, mpake rangi sehemu 2 kwenye ya kwanza na sehemu 3 kwenye ya pili, halafu mseme ipi ni kubwa na mwandishi wa kundi aandike. Mmeelewa?” Nao wakaitikia kwa sauti moja, “Ndiyo, mwalimu!”

Ndani ya maneno hayo mna amri zisizopungua sita, na mtoto wa darasa la tano akishaisikia ya tatu, ya kwanza imekwisha kumtoka. Zaidi ya hapo, yapo mambo matatu yaliyozaa kelele bila wewe kukusudia.

La kwanza ni neno “mara”. Mtoto anayekunja karatasi katikati mara 3, kila safari akiigawa nusu, anapata sehemu 8, na anayeikunja mara 4 anapata sehemu 16. Wewe ulitaka sehemu 3 na sehemu 4 zilizo sawa. Wale uliowaona wakibishana na kunyang’anyana karatasi huenda walikuwa watiifu kuliko wote, maana walifanya ulichosema, wakaona idadi haikubaliani na rangi walizotakiwa kupaka, kisha kila mmoja akaanza kumlaumu mwenzake. Kukunja karatasi katika sehemu 3 sawa ni kazi ngumu hata kwa mtu mzima, kwa hiyo hatua hiyo usiwaachie.

La pili ni ukubwa wa makundi. Tepe 2 za karatasi kwa watoto 6 maana yake ni kwamba watoto 2 wanafanya kazi na 4 wanawatazama. Katika darasa lako hiyo ni theluthi mbili ya wanafunzi, yaani watoto 60 wasio na la kufanya kwa mikono yao, na hakuna sauti ya mwalimu inayoweza kuwanyamazisha watoto 60 wasio na kazi. Isitoshe, ulilazimika kuwahamisha, na watu 90 wakihama kwa wakati mmoja katika chumba kilichojaa madawati, dakika 5 zinapotea.

La tatu ni kwamba karatasi zilikuwa tayari mikononi mwao wakati bado unazungumza. Mtoto aliyeshika kitu hukichezea, na macho yake yakiwa kwenye karatasi, masikio yake nayo huwa huko huko.

Sasa tukipange upya kipindi hicho hicho. Unasema unayo madawati 30, kila dawati na watoto 3, katika mistari 5. Basi waache walivyokaa, na kila dawati liwe kundi. Andaa tepe 60 zenye urefu wa sentimita 24. Kwenye tepe 30, zipe jina A, weka nukta kwenye sentimita 8 na 16; kwenye 30 zilizobaki, zipe jina B, weka nukta kwenye sentimita 6, 12 na 18. Zifunge katika mafungu 5, kila mstari fungu lake, na mafungu hayo yakae mezani kwako mpaka umalize kusema. Ni kazi ya jioni nzima, najua, lakini tepe hizo zitakufaa hata katika somo la desimali.

Kabla ya kutoa neno lolote, omba usikivu kwa ishara moja isiyobadilika. Mimi napenda kuinua mkono na kusimama tuli mahali pamoja, mbele katikati, na kila anayeuona mkono anainua wake na kunyamaza. Ishara hiyo haifanyi kazi kwa sababu tu umeitangaza. Inafundishwa kama somo lingine, kwa kuijaribu pamoja nao mara kadhaa wakati hakuna kazi inayowavuta. Jambo lenye uzito kuliko yote hapa ni kusubiri. Ukianza kuzungumza wakati watoto 10 bado wanaongea, umewafundisha wote kwamba mkono wako si lazima utiiwe, na kesho watakaoongea watakuwa 20. Usipige meza wala usipaze sauti juu ya kelele zao, kwa kuwa nao watapaza zao ili wasikilizane. Wakishanyamaza, sema kwa sauti ya chini kidogo kuliko ile ya kufundishia.

Kisha toa maelekezo kwa sentensi fupi, ukiwaelekea, bila kuandika ubaoni huku unasema: “Wekeni kalamu chini. Mtafanya kazi na wenzenu wa dawati lenu tu. Hakuna anayehama. Aliye upande wa dirisha atakunja utepe A kwenye nukta. Aliye upande wa mlango atakunja utepe B kwenye nukta. Wa katikati atahesabu sehemu za kila utepe. Mna dakika 2.” Nimetumia dirisha na mlango kwa makusudi, kwa sababu kushoto kwako ni kulia kwao, na mkanganyiko huo mdogo unatosha kuwasha ubishi katika madawati 30. Kuhusu kupaka rangi na kulinganisha usitaje chochote bado. Hatua hizo zitakuja baada ya kuinua mkono tena.

Baada ya maneno, onyesha. Waite watoto 3 mbele, wakae kama wanavyokaa kwenye dawati, wakunje tepe zao darasa zima likiwatazama. Nusu dakika hiyo inafanya kazi ambayo maelezo yako hayawezi kuifanya, hasa kwa wale wa nyuma wasiokusikia vizuri.

Halafu hakikisha wameelewa, ila usiulize “mmeelewa?”, maana swali hilo lina jibu moja tu linalojulikana. Uliza, “Aliye upande wa mlango atakunja utepe gani?” Nyamaza kwa sekunde 3, ndipo umtaje mtoto mmoja wa dawati la nyuma. Ukitaja jina kabla ya swali, wengine 89 wanapumzika. Mary Budd Rowe, aliyechunguza jambo hili nchini Marekani katika miaka ya 1970, aliona kwamba walimu wengi husubiri kama sekunde 1 tu baada ya kuuliza, na kwamba wakisubiri 3 au zaidi majibu huwa marefu na yenye fikra zaidi. Kwa mwalimu anayeogopa kelele sekunde hizo huonekana ndefu mno, lakini zivumilie.

Ndipo ugawe. Dawati la mbele la kila mstari linapokea fungu, linatoa tepe zake 2 na kupitisha zilizobaki nyuma. Wakati huo andika ubaoni “1. Kunja na hesabu” ili aliyesahau asome badala ya kumuuliza jirani. Hatua ya pili itakuwa kupaka rangi sehemu 2 za utepe A na sehemu 3 za utepe B, na ya tatu kuziweka tepe pamoja ili wa katikati aandike kwenye daftari ipi ina rangi ndefu. Wataona rangi ya A inafika sentimita 16 na ya B inafika 18, na pengo la sentimita 2 litawaonyesha kwa macho kwamba 3/4 ni kubwa kuliko 2/3. Madawati yatakayomaliza mapema yaulize ni utepe upi umebakiwa na sehemu kubwa zaidi isiyo na rangi.

Dakika ya kwanza baada ya kuwaruhusu usikimbilie dawati lolote hata wakikuita. Simama uangalie ni nani hajaanza. Ukiona madawati 3 au 4 yanauliza swali lile lile, inua mkono, simamisha darasa na useme upya, kwa kuwa kasoro iko kwenye maelekezo. Ikiwa ni dawati moja tu, nenda uwasaidie kwa sauti ya chini, ukisimama mahali ambapo bado unaliona darasa zima.

Hata hivyo usitegemee ukimya. Watoto 90 wanaozungumzia tepe zao watasikika mpaka darasa la jirani, na ningekushauri umweleze mwalimu mlezi wako mapema. Kelele za kazi utazitambua kwa vichwa vilivyoinama kuelekea katikati ya dawati na kwa jinsi zinavyokatika upesi mkono ukiinuliwa. Vichwa vikigeukia madawati mengine, kazi imekwisha au haijaeleweka. Na ile desturi ya kumpa kiranja aandike majina ya wapiga kelele, naomba uiache kabisa, kwa sababu inamwondoa mtoto mmoja kwenye hisabati na kuleta ugomvi ambao utausuluhisha wewe.

Kwenye andalio lako la somo lijalo, andika pembeni sentensi za maelekezo neno kwa neno, hatua kwa hatua, kisha unitumie kabla ya kuingia darasani. Nitazisoma kama mtoto aliyekaa dawati la mwisho karibu na mlango, na pale nitakaposita nitaweka alama.

Mwalimu mwenzako akupendaye,
Rafiki yako.