Barua kwa mwanangu: jinsi nitakavyokurudishia pesa ya ng'ombe

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa mkweo. Huku hatujambo.

Kati ya zile 1,500,000 za kununulia ng'ombe nimesharudisha 180,000, kwa hiyo zimebaki 1,320,000. Ulipendekeza nitume kiasi kilekile kila mwezi. Haitawezekana, na sababu ni ng'ombe mwenyewe. Tukishatoa ya ndama na ya nyumbani tunauza lita 6 kwa siku, lita moja 1,000. Kwa mwezi ni 180,000. Pumba, mashudu na dawa ya kupe vinakula 70,000, nabaki na 110,000. Hapo 80,000 inatoka bila kuninyonga.

Lakini atapandishwa mwishoni mwa Machi, na akishika mimba atazaa mwanzoni mwa Januari. Lazima akaushwe miezi 2 kabla, asipopumzika atatoa maziwa kidogo uzao unaofuata. Kwa hiyo Novemba na Desemba hana kitu, na Januari maziwa ya mwanzo ni ya ndama. Ningeahidi pesa ya maziwa ya miezi hiyo ningekudanganya.

Basi nitatuma 80,000 kila tarehe 3, kuanzia Machi hadi Julai, baada ya kulipwa maziwa ya mwezi uliotangulia. Hapo deni litashuka hadi 920,000. Agosti nauza magunia 8 ya mahindi. Nimeyapigia 65,000 kila gunia, hiyo ni 520,000, yote yako. Septemba, Oktoba na Novemba 80,000 tena, zinabaki 160,000. Napumzika miezi mitatu, kisha Machi na Aprili namaliza.

Bei ya mahindi ndiyo inayonitia shaka. Gunia likishuka hadi 50,000 nitapata 400,000, pungufu ya 120,000. Sitaongeza rejesho la mwezi, maana nitaanza kumpunja ng'ombe pumba na maziwa yatakauka. Nitasogeza mbele tu: Mei 80,000, Juni 40,000.

Nitatuma na ya kutolea, ili 80,000 ikufikie ikiwa 80,000. Kila nikituma nitakuandikia meseji: "Rejesho la 1, baki 1,240,000." Nawe ujibu "sawa" tu, nitaandika kwenye daftari. Ile 50,000 ya matumizi unayonitumia usiikate humo, hata nikichelewa. Tukichanganya hizo mbili, baada ya miezi mitatu hakuna atakayejua nani anamdai nani.

Limebaki moja la kukubaliana kabla ya tarehe 3 Machi. Katika zile 180,000 imo 80,000 ya Desemba, iliyokufikia mjukuu wangu akiwa na homa. Mimi niliituma kama rejesho, ila huenda wewe uliihesabu kuwa ya dawa. Kama ni hivyo niambie tu, deni liwe 1,400,000 na niongeze rejesho moja mwishoni.

Mama yako