Mwanangu, tazama safu zote kabla ya kuutazama wastani

Mwanangu mpenzi,

Ile picha ya skrini ya potali ya matokeo ya chuo uliyonitumia jana usiku nimeitazama vizuri, na ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mpaka mwisho. Unasema muhula wa kwanza ulipata wastani wa 3.06, wa pili 1.99, ukajumlisha ukagawa kwa mbili ukapata 2.53. Potali nayo inasema 2.61. Sasa una wasiwasi kwamba wakigundua wamekuzidishia, watakushusha.

Hawajakuzidishia kitu. Hayo ni mazoea uliyotoka nayo shule ya upili. Kwenye KCSE masomo yote yalikuwa na uzito mmoja: A ni pointi 12, E ni pointi 1, masomo saba yanajumlishwa, yanagawanywa kwa saba, basi. Chuoni kila yuniti ina uzito wake, na uzito huo ndio krediti. Kwa kawaida krediti moja ni kama saa moja ya darasa kwa wiki muhula mzima, na saa za maabara zina hesabu yake. Ndiyo maana Kemia yako ina krediti 4 na ile yuniti ya kompyuta ina 1 tu.

Mimi kazi yangu ni rekodi za mitihani, unajua, na macho yangu hayaendi kwenye wastani kwanza. Wastani ndiyo namba ya mwisho kuandikwa, na huficha mambo mengi. Hebu tuutazame muhula wako wa pili kama ulivyo kwenye picha:

```
Unit         Cr   Grade   Pts
Chemistry    4    C       8.0
Writing      3    B+      9.9
Statistics   3    F       0.0
Computing    1    A       4.0
Economics    3    I       --
```

Ile safu ya mwisho ni krediti zilizozidishwa kwa pointi za gredi. Kwa mizani ya chuo chako A ni 4.0, B+ ni 3.3, B ni 3.0, C ni 2.0 na F ni 0. Umeniuliza A yako ya kompyuta imepotelea wapi. Haijapotea, ila imeleta pointi 4 tu kwa sababu ina krediti moja. Ile C ya Kemia uliyoilalamikia imeleta 8. Ungepanda Kemia kutoka C hadi B ungeongeza pointi 4, sawa na A yote ya kompyuta. Ukipanga saa zako za kusoma muhula ujao, kumbuka hilo.

Sasa shuka chini ya picha, pale ulipokata picha kidogo kwa kidole ukidhani hapana maana:

```
            Attempted  Earned  GPA Hrs  Points  GPA
Semester    14         8       11       21.9    1.99
Cumulative  29         23      26       67.8    2.61
```

Safu ya `Attempted` ni krediti zote ulizojisajili. `Earned` ni zile ulizofaulu, na ndizo zitakazohesabiwa siku ya kuangalia kama umetimiza za kuhitimu. `GPA Hrs` ni zile zinazoingia kwenye hesabu ya wastani. Namba hizi tatu zikiwa sawa, hakuna kesi. Zikitofautiana, chukua kalamu.

Wastani wako wa jumla ni 67.8 gawa kwa 26, yaani 2.6077, ndiyo ile 2.61. Muhula wa kwanza ulikuwa na krediti 15 zinazohesabika na pointi 45.9, wa pili una 11 tu. Kwa hiyo muhula mzuri umevuta kuliko muhula mbaya, na ndiyo sababu huwezi kuchukua wastani wa mihula miwili ukagawa kwa mbili. Kuna mitambo inayokata tarakimu bila kukadiria, na hapo ungesoma 2.60. Tofauti ya namna hiyo si ya kugombania.

Cha kugombania ni tofauti kati ya zile safu. Kati ya 29 na 23 kuna pengo la krediti 6. Kati ya 29 na 26 kuna pengo la 3. Yaani kuna yuniti moja ambayo haijaingia kwenye wastani kabisa, na nyingine imeingia lakini haikukupa krediti. Ya kwanza ni Uchumi, ya pili ni Takwimu. Ungeziona hata kama gredi zingekuwa zimefunikwa.

Tuanze na Takwimu, maana hapo ndipo penye uchungu. F haikai kimya. Imekuletea pointi 0, lakini krediti zake 3 zimebaki chini ya mstari kwenye ugawaji. Ndiyo iliyokuangusha hadi 1.99. Na vyuo vingi vinavyotumia mizani ya 4.0 huweka 2.00 kuwa mpaka wa msimamo mzuri. Ukishuka hapo unaandikiwa barua ya onyo. Vingine hutazama muhula, vingine hutazama wastani wa jumla. Soma kitabu cha kanuni cha chuo chako ujue chenyewe kinatazama nini, usiwaulize wenzako wa hosteli.

Lakini mimi F hiyo siiamini. Kwenye ile picha ya pili, ulipofungua yuniti yenyewe, mtihani wa mwisho umeandikwa 34, na mahali pa alama za muhula pana vistari viwili tu. Hapakuandikwa sifuri. Sifuri ingemaanisha mtu ameketi akaiingiza. Vistari vinamaanisha hakuna aliyeingiza chochote, na mtambo umejumlisha 34 na hewa ukapata 34, ukatoa F. Uliniambia yale majaribio ya muhula mnayoyaita "kati" mlifanya mawili, na kwa jumla ulipata 22 kati ya 30. Mtihani wa mwisho ulikuwa wa alama 70. Sasa 34 na 22 ni 56, na jedwali la gredi lililo chini ya ukurasa wako linasema 56 ni C.

Alama kukosekana ni ugonjwa wa zamani katika vyuo vyetu, na wewe si wa kwanza. Mhadhiri wa muda anaondoka na karatasi, au orodha inapelekwa idarani bila jina la aliyejisajili akiwa amechelewa. Wewe ulijisajili wiki ya tatu baada ya karo kuchelewa, kwa hiyo ningeanzia hapo. Ukipewa C, Takwimu italeta pointi 6. Muhula utakuwa 27.9 gawa kwa 11, yaani 2.54, na jumla itakuwa 73.8 gawa kwa 26, yaani 2.84. Barua moja ya idara inakutoa kwenye ukingo wa onyo bila wewe kufanya mtihani mwingine.

Usikubali mtu akwambie "wewe rudia tu hiyo yuniti, itafutika." Kurudia ni karo ya krediti 3 na muhula mwingine. Halafu kufutika kunategemea chuo: vingine huweka gredi mpya mahali pa ile ya zamani kwenye hesabu, vingine huhesabu zote mbili. Kwa vyovyote, F yenyewe kwa kawaida hubaki ikionekana kwenye transkripti.

Hiyo I ya Uchumi, yaani yuniti haijakamilika, ni jambo jingine. Ulikuwa umelazwa, ukapewa ruhusa ya kufanya mtihani baadaye, na hilo lilifanywa vizuri. Ila I ni kama deni kwenye daftari la dukani: leo halikusumbui, lakini lina siku yake. Sasa hivi krediti 3 za Uchumi haziko juu wala chini ya mstari. Tarehe ya mwisho ikipita kabla hujaufanya mtihani, vyuo vingi huigeuza ikawa F, na F hiyo itaingia chini ya mstari bila kuleta kitu juu. Takwimu ikisharekebishwa, 73.8 itagawanywa kwa 29, na ile 2.84 itashuka hadi 2.54. Ukipata B badala yake, utakuwa na 82.8 gawa kwa 29, yaani 2.86. Karibu theluthi nzima ya pointi inategemea karatasi moja ambayo kwenye picha yako inaonekana kama haina neno. Tarehe hiyo iko kwenye fomu uliyotiliwa sahihi, si kwenye potali. Itafute leo.

Na uache kujilinganisha na binamu yako. Yeye yuko chuo cha umma kinachotumia asilimia, ambako 70 kwenda juu ni A na 60 hadi 69 ni daraja la pili la juu. Hiyo 64 yake haigawanywi kwa 25 ikawa GPA, ingawa nasikia mjomba wako amekwisha kuifanya hesabu hiyo kwenye grupu.

Jumatatu usije nyumbani Umoja kwanza; hiyo nauli itumie kwenda idarani. Fika kabla ya saa tatu, maana foleni ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza huanza kurefuka saa nne, na saa saba ofisi ni ya chakula. Chukua zile karatasi mbili za kati ulizorudishiwa, uzipige nakala, asili zibaki kwako. Beba pia fomu ya usajili inayoonyesha tarehe. Mwone mhadhiri kwanza. Hayupo, mwone mwenyekiti wa idara. Usiseme "nimeonewa." Sema alama za muhula za yuniti hii hazijaingizwa, hizi hapa. Kisha umwandikie barua pepe siku hiyo hiyo ukirudia mliyozungumza, ili pawe na tarehe. Matokeo kwenye potali huwa ya muda mpaka seneti iyapitishe, na kurekebisha kabla ya hapo ni rahisi sana kuliko baada.

Ukirudi kuangalia, usikimbilie wastani. Tazama `Earned` ya jumla. Ikitoka 23 ikawa 26, Takwimu imeingia. Wastani ukibadilika na `Earned` isibadilike, kuna kitu kingine kimeguswa, na utanipigia simu kabla ya kumpigia mtu mwingine.

Na picha mpya unitumie mimi peke yangu, ukurasa mzima kuanzia juu hadi kwenye tarehe ya chini. Ile ya jana uliitupa kwenye grupu la familia ikiwa na jina lako na namba ya usajili, na shangazi yako wa Kitale tayari ameniuliza kwa nini umeanguka Takwimu.

Mamako