Tarehe ya kusema itangazwe hata kama uamuzi bado

Ndugu Mhariri,

Tangu Serikali itangaze, Desemba 2023, mpango wa kuunganisha baadhi ya taasisi na mashirika ya umma na kufuta mengine, kila nikikutana na mtu wa huko namuuliza: mmeambiwa nini? Ninauliza kwa sababu yamenikuta.

Nilikuwa msimamizi wa zamu kwenye ghala la kampuni binafsi hapa Dar es Salaam. Ikavuma kwamba matawi mawili yanaunganishwa. Uongozi ukanyamaza, ukingoja kila kitu kikamilike ndipo useme. Wiki ya tatu karani mmoja akakuta kwenye printa karatasi yenye majina 31, mengine yamewekewa alama ya vema. Akaipiga picha. Kabla ya chai ya saa nne ilikuwa imeshafika kwenye makundi yote ya WhatsApp, na jioni watu walikuwa wanasema majina yako 60.

Vijana wangu wakaja mmoja mmoja. "Bosi, na mimi nimo?" Niliwajibu kwamba sijui, na kweli sikujua. Hilo likageuka ushahidi: kumbe hata msimamizi amezibwa mdomo! Lisemwalo lipo, wakasema, na kama halipo laja. Ile karatasi ilikuwa ya watu ambao kadi zao za bima ya afya zinaisha muda. Uongozi ulipokuja kulieleza hilo, zilikuwa zimepita wiki mbili, na madereva wawili wa foklifti, ambao hakuna aliyefikiria kuwaondoa, walikuwa wameshapata kazi kwingine.

Viongozi wengi huamini redio mbao huanzishwa na wachochezi. Pale ghalani sikumwona mchochezi. Niliona watu wenye ada za shule na kodi za nyumba, kila mmoja ana kipande kidogo cha habari: huyu kaiona karatasi, yule kamwona mtu akipima ofisi kwa futi. Walikuwa wanaunganisha vipande hivyo wapate jibu ambalo mwenye nalo hakuwapa. Ndiyo maana kutisha watu, au kufunga kundi la WhatsApp, hakusaidii. Hofu inabaki palepale, na maneno yanahamia kwenye daladala.

Kuna utafiti wa Kimarekani uliochapishwa mwaka 1991 ambao ningependa kila meneja aujue. Wakati kampuni mbili zinaungana, watafiti walifuatilia viwanda viwili. Kimoja kilipewa barua ya mkurugenzi mkuu tu. Kingine kilipata jarida kila wiki mbili, namba ya simu ya kuulizia maswali, na mikutano ya kila wiki baina ya meneja na wasimamizi. Habari za muungano zilipotoka, wasiwasi ulipanda kote kuwili. Kwenye kile cha barua uliendelea kupanda. Kwenye kile kingine ulitulia, na imani kwa kampuni ikarudi polepole. Tusidanganyane, mawasiliano hayakuondoa hofu ya kupoteza kazi. Yaliizuia isizidi ukweli wenyewe.

Kwetu pale ghalani ingetosha karatasi moja kila Ijumaa yenye mambo matatu: kipi kimeshaamuliwa, kipi bado, na lini tutaambiwa tena. Hilo la tatu ndilo viongozi hulikwepa, ilhali ndilo linalompa mtu usingizi. Mtu akijua atasikia kitu tarehe 14, anaweza kungoja hadi tarehe 14. Na siku hiyo ikifika bila jipya, meneja aje vilevile, aseme hakuna jipya na kwa nini. Akikosa kuja mara moja tu, ukimya wake utasomwa kama habari mbaya. Na wasimamizi waambiwe kwanza, hata saa moja kabla, pamoja na majibu ya maswali yatakayoulizwa, maana mfanyakazi humwendea anayemjua kabla ya kumwendea mkurugenzi.

Najua jibu la mameneja: wanasheria wametuambia tusiseme lolote kabla ya uamuzi. Lakini kwa mwajiri wa sekta binafsi kama wangu, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 38, inamtaka atoe taarifa mara tu anapokusudia kupunguza wafanyakazi, atoe habari zinazohitajika, na ashauriane na chama cha wafanyakazi, au na wafanyakazi wenyewe wasio na chama. Mashauriano hayo yanagusa sababu, njia za kuepuka au kupunguza idadi ya watakaoondoka, namna ya kuwachagua, muda, na kiinua mgongo. Ukishaamua kila kitu kimyakimya, unashauriana juu ya nini?

Naomba wakuu wa taasisi zinazounganishwa sasa wabandike tarehe ya mkutano wao ujao kwenye ubao wa matangazo wiki hii, hata kama bado hawajui watakachosema.

Aliyekuwa msimamizi wa ghala,
Tabata, Dar es Salaam